Molekuli Kubwa za Chakula na Maji Yanayotoka Kati Yake

Mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi mliofika, nanyi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne ambao siku hii ya sayansi ni yenu: wakubwa shikamooni, na wanangu marahaba.

Nimeombwa nizungumzie wanga, mafuta na protini kwa upande wa kemia. Upande wa lishe mmeshausikia tangu shule ya msingi, kwamba hiki hutia nguvu na kile hujenga mwili, na siuongezi. Mimi nataka tukae kwenye swali moja: molekuli hizi kubwa zimeunganishwa vipi, na hufunguka vipi? Jibu lake linapita kwenye maji. Vipande vidogo vinapoungana, maji hutoka. Molekuli kubwa inapovunjwa ili irudi kwenye vipande vyake, maji huingia. Anayelishika hilo ataona kwamba karibu kila kinachoendelea jikoni na tumboni ni tendo lilelile likienda mbele au likirudi nyuma.

Tuanze na glukosi. Fomula yake mnaijua, C6H12O6, na uzito wake wa molekuli ni 180. Molekuli ya glukosi imejaa vikundi vya OH. Glukosi mbili zikikutana mahali penye kimeng'enya kinachofaa, moja hutoa OH na nyingine hutoa H, viwili hivyo huungana kuwa maji, na atomu moja ya oksijeni hubaki katikati ikizishikilia glukosi zote mbili. Kinachopatikana ni maltosi, C12H22O11. Fanyeni hesabu: 180 na 180 ni 360, lakini maltosi ina uzito wa 342. Hiyo 18 iliyokosekana ni molekuli moja ya maji.

Sasa endeleeni kuunganisha. Mnyororo wenye glukosi 1,000 una viungo 999, kwa hiyo umepoteza molekuli 999 za maji. Badala ya uzito wa 180,000 tunapata 162,018. Huo ndio wanga ulio kwenye mahindi, muhogo na viazi. Na ukigeuza hesabu utakutana na jambo ambalo wanafunzi wengi hulikataa mwanzoni: gramu 100 za wanga mkavu zikivunjwa zote hutoa takribani gramu 111 za glukosi. Hakuna kilichoumbwa upya. Zile gramu 11 ni maji yaliyoingia kwenye kila kiungo kilichokatwa, na sasa ni sehemu ya glukosi yenyewe.

Mwaka 1811 mkemia Gottlieb Kirchhoff, aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, alichemsha wanga katika maji yenye asidi kidogo ya salfa akapata sharubati tamu. Wakati huo sukari ya miwa ilikuwa adimu Ulaya kwa sababu ya vita vya Napoleoni, kwa hiyo habari ile ilipokelewa kwa shauku. Lililo muhimu kwetu ni kwamba asidi yake haikupungua. Ilikuwepo mwanzo na ilikuwepo mwisho. Kazi yake ilikuwa kuharakisha tu, maana aliyeingia kwenye viungo ni maji.

Mate yetu hufanya kazi hiyohiyo bila kuchemsha, na hili mtaliona wenyewe kwenye meza za maabara mchana huu. Mmeandaliwa uji mwepesi sana wa wanga, gramu 1 katika mililita 100 za maji, uliochemshwa kisha ukapozwa. Chukueni mililita 5 za uji huo kwenye testi tyubu, wekeni mililita moja ya mate, na testi tyubu ikae kwenye maji ya nyuzi 37. Kwenye kigae cheupe pangeni matone ya iodini, kila tone mbali na jenzake. Kila baada ya dakika moja dondosheni tone la mchanganyiko juu ya tone la iodini. La kwanza litageuka bluu inayokaribia weusi. Baadaye rangi itaelekea zambarau, kisha kahawia nyekundu, na hatimaye tone litabaki na manjano ya iodini yenyewe, kama vile hamkuweka kitu.

Ile bluu inatoka wapi? Sehemu moja ya wanga, inayoitwa amilosi, ni mnyororo usio na matawi ambao hujisokota, glukosi sita kwa kila mzunguko, na katikati huacha mfereji mwembamba. Iodini huingia na kujipanga ndani ya mfereji huo, na hapo ndipo rangi ile nzito huzaliwa. Mnyororo ukikatwa ukawa mfupi, mfereji hautoshi tena kupanga iodini nyingi, ndiyo maana rangi hupita zambarau na kahawia kabla ya kupotea. Kwa maneno mengine, kigae kile kinawaonyesha urefu wa minyororo ukipungua dakika kwa dakika.

Hapa kuna kosa ambalo nimeliona miaka mingi, na ningependa mlikwepe. Mwanafunzi huweka iodini kwenye uji wa wanga ulio bado wa moto, haoni bluu, anaandika kwamba wanga umemeng'enywa. Haukumeng'enywa. Joto limelegeza ile misokoto na iodini imetoka. Kutofautisha ni rahisi: acheni testi tyubu ipoe. Kama bluu inarudi, wanga bado upo mzima. Kama umekatwa kweli, hairudi hata ukingoja hadi jioni. Na testi tyubu ya pili, yenye mate yaliyochemshwa, msiidharau. Hiyo itabaki bluu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kuchemsha kumeharibu umbo la kimeng'enya cha mate, ambacho nacho ni protini. Bila testi tyubu hiyo hamwezi kujua kama kilichokata wanga ni kimeng'enya au ni maji tu.

Kuhusu kipimo cha Benedikti, neno moja. Kinachokigeuza kutoka bluu kwenda rangi ya tofali ni ncha huru ya sukari, ile inayoweza kujifungua na kutoa kikundi chenye kupokonya oksijeni. Mnyororo wa glukosi 1,000 una ncha moja tu ya aina hiyo, nyingine zote zimefungwa kwenye viungo. Kwa hiyo wanga mzima hauonekani kwa Benedikti, ilhali wanga uliokatwa vipande mia tano una ncha mia tano. Iodini hupotea huku Benedikti ikijitokeza, na vipimo hivyo viwili vinasema habari moja kutoka pande mbili. Wale mtakaokata kwa asidi badala ya mate, kumbukeni kuituliza asidi kwa sodiamu haidrojeni kaboneti hadi mapovu yaishe. Benedikti haifanyi kazi kwenye asidi, na mtaandika kwamba hakuna sukari wakati sukari imejaa tele.

Nimesema wanga ni glukosi zilizounganishwa kwa kutoa maji. Lakini pamba nayo ni glukosi zilizounganishwa kwa kutoa maji. Gunzi la mahindi pia, na sehemu kubwa ya mbao za madawati mliyokalia. Hiyo ni selulosi, na fomula yake ni ileile ya wanga, (C6H10O5)n. Ukizichambua kwa kuhesabu kaboni, haidrojeni na oksijeni peke yake, hutazitofautisha. Basi mbona punje za mahindi tunazila na gunzi tunalitupa?

Tofauti iko kwenye kaboni namba moja ya glukosi. Kikundi chake cha OH kinaweza kuelekea chini ya duara la molekuli au kuelekea juu. Kikiwa chini tunakiita alfa, kikiwa juu tunakiita beta. Wanga umeungwa kwa alfa, selulosi kwa beta. Ni mwelekeo tu wa kiungo kimoja, lakini athari yake ni kubwa ajabu. Kiungo cha alfa hupinda mnyororo, ndiyo ile misokoto ya amilosi. Kiungo cha beta hulazimisha kila glukosi igeuzwe kichwa chini ikilinganishwa na jirani yake, na mnyororo hunyooka. Minyororo iliyonyooka hulala sambamba, ikashikana kwa vifungo vya haidrojeni vingi mno, kiasi kwamba maji hayapati pa kuingilia. Uji wa wanga huvimba ukipikwa. Pamba unaweza kuichemsha mchana kutwa na itatoka pamba.

Na kimeng'enya cha mate yetu kina pango lililochongwa kwa ajili ya kiungo cha alfa. Kiungo cha beta hakikai humo. Ng'ombe mwenyewe naye hatengenezi kimeng'enya cha kukata selulosi. Ni vijidudu walio tumboni mwake ndio wanaoikata, na yeye huishi kwa kile wanachokitoa. Leo mkidondosha iodini kwenye pamba ya dukani hamtaona bluu. Mkijaribu kwenye shati la pamba na likaonyesha bluu, msidhani mmegundua selulosi mpya: shati hilo limetiwa wanga kabla ya kupigwa pasi.

Sasa mafuta, na hapa naomba tuwe waangalifu. Vitabu vingi huyaweka mafuta pamoja na wanga na protini kana kwamba yote matatu ni minyororo mirefu. Mafuta si mnyororo. Hayana kipande kinachojirudia mara mia au mara elfu. Molekuli ya mafuta ina vipande vinne, basi: gliseroli moja na asidi za mafuta tatu. Fikirieni herufi E, ambapo ule mti uliosimama ni gliseroli na mikono mitatu ni asidi za mafuta. Mkono wa nne hauna pa kushika, kwa hiyo molekuli haiwezi kuendelea kukua. Kwa mkemia, wanga na protini ni polima, mafuta siyo.

Hata hivyo namna ya kuunga ni ileile. Gliseroli ina vikundi vitatu vya OH, kila kimoja hukutana na asidi moja ya mafuta, na kila kiungo hutoa molekuli moja ya maji. Tuchukue asidi ya lauriki, yenye kaboni 12, ambayo ni karibu nusu ya asidi zote zilizo kwenye mafuta ya nazi. Uzito wake ni 200. Tatu ni 600, ongeza gliseroli yenye 92, toa maji matatu yenye 54, unapata 638. Ukilinganisha na wanga wa 162,018, hii ni molekuli ndogo kabisa. Ukubwa wake ni kwa kulinganisha na vipande vyake tu.

Mikono hiyo ni mirefu na ni kaboni na haidrojeni karibu tupu, ndiyo maana haipatani na maji. Urefu wake na unyofu wake ndio huamua kama mafuta yataganda. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25. Mama aliye Mombasa au Tanga huyaona yakiwa maji karibu mwaka mzima, na ndugu yake wa Arusha huyakuta yameganda asubuhi ya mwezi wa Julai, akadhani ameuziwa mafuta yaliyochanganywa. Hajaibiwa. Mafuta ya alizeti, kwa upande mwingine, yana mikono mirefu zaidi, kaboni 18, lakini mingi ina vifungo pacha viwili vinavyoipinda. Mikono iliyopinda hailaliani vizuri, kwa hiyo mafuta hayo hubaki maji hata huko Arusha.

Kiungo cha mafuta nacho hufunguliwa na maji. Siagi iliyokaa siku nyingi nje ya baridi hutoa harufu kali, na sehemu ya harufu hiyo ni asidi ya butiriki, yenye kaboni nne tu, iliyokatwa kutoka kwenye gliseroli. Maji yaliyoikata yalikuwamo ndani ya siagi yenyewe, maana siagi ina maji karibu asilimia 16, na vimeng'enya vya vijidudu huharakisha kazi. Bibi zetu waliokuwa wakipika siagi hadi milio ya mapovu inyamaze ndipo waite samli, walikuwa wakiyaondoa maji hayo pamoja na mabaki ya maziwa. Maji yakishaondoka, hakuna cha kuingia kwenye viungo, na samli hukaa miezi. Haikingwi na kila kitu. Oksijeni ya hewani bado hushambulia vile vifungo pacha, na huo ni uharibifu wa namna nyingine, usiohitaji maji. Ndiyo maana chombo cha samli hufunikwa vizuri na kuwekwa mbali na jua.

Nije kwenye protini, na hapa nitakaa kidogo. Vipande vyake ni asidi amino. Kila asidi amino ina upande wenye naitrojeni na upande wa asidi. Upande wa asidi wa moja hushikana na upande wa naitrojeni wa nyingine, maji hutoka, na tunapata kifungo cha peptidi. Mpaka hapo hadithi ni ileile. Linalobadilika ni hili: wanga hurudia glukosi ileile mara maelfu, lakini protini huchagua kutoka aina 20 za asidi amino, na mpangilio wake ndio kila kitu. Badilisha nafasi za glukosi mbili kwenye wanga, hakuna atakayejua. Badilisha asidi amino mbili kwenye protini, na huenda mtu akaugua maisha yake yote.

Kabla sijatoa mfano, niondoe dhana moja. Yai linapochemshwa na ute wake ukawa mweupe, vifungo vya peptidi havijakatika. Mnyororo ulikuwa umejikunja kwa umbo maalumu, joto limeukunjua, na minyororo iliyokunjuka imenaswa pamoja. Mkipima yai bichi na yai lililopikwa kwa kipimo cha bayureti, yote mawili hutoa rangi ya zambarau, kwa sababu kipimo hicho hushika vifungo vya peptidi, na vifungo vipo. Kukata vifungo hivyo maabara bila kimeng'enya ni kazi nzito. Njia ya kawaida ni asidi kali ya haidrokloriki yenye molari 6, nyuzi 110, kwa muda wa saa 24. Tumbo lenu hufanya hivyo kwa nyuzi 37, kwa pepsini tumboni na tripsini kwenye utumbo mwembamba, na kila kifungo kinachokatwa hunywa molekuli moja ya maji.

Mfano wangu ni hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Imeundwa kwa minyororo minne: miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146 kila mmoja. Jumla ni 574. Kwa mgonjwa wa selimundu, kwenye mnyororo wa beta, asidi amino ya sita si asidi ya glutamiki tena, ni valini. Minyororo ya beta ni miwili, kwa hiyo kati ya vipande 574 vimebadilika viwili. Vingine 572 ni vilevile vilivyo kwa mtu mzima wa afya.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hutembea tofauti kwenye uwanja wa umeme. Chaji ilikuwa imebadilika, lakini hawakujua ni wapi. Vernon Ingram wa Cambridge akalijibu swali hilo kati ya mwaka 1956 na 1957. Hakuisoma hemoglobini yote, kwani kwa vifaa vya wakati ule ingemchukua muda mrefu sana. Aliikata kwa tripsini, ambayo hukata mahali maalumu tu kwenye mnyororo, akapata vipande vifupi. Alivitandaza kwenye karatasi, upande mmoja kwa umeme na upande mwingine kwa kimiminika kinachopanda, vikajipanga kuwa madoa. Akaweka karatasi ya hemoglobini ya kawaida kando ya karatasi ya hemoglobini ya mgonjwa. Madoa yote yalilingana isipokuwa moja, lililokuwa limehama. Akalichambua doa hilo peke yake, na humo akaikuta valini mahali pa asidi ya glutamiki.

Kwa nini badiliko hilo linaumiza? Asidi ya glutamiki ina chaji hasi na hupenda maji, hivyo hukaa vizuri juu ya uso wa hemoglobini. Valini haina chaji, na mkono wake una tabia ya mafuta. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, sehemu hiyo yenye tabia ya mafuta hupata mfuko unaoitosha kwenye hemoglobini jirani, ikajichomeka humo. Jirani hushika jirani, zinajengeka nyuzi ngumu ndefu, na seli ya damu iliyokuwa ya duara hupindika ikawa na umbo la mundu. Seli hizo huziba mishipa midogo, na hayo ndiyo maumivu ambayo baadhi yenu mmeyaona nyumbani. Ndiyo maana pia mgonjwa huambiwa anywe maji ya kutosha na ajikinge na baridi: seli iliyopungukiwa na maji huwa na hemoglobini iliyosongamana zaidi, na nyuzi hujengeka haraka.

Ugonjwa huu ni wa kwetu. Ni Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti wake Afrika Mashariki, aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba watoto waliorithi badiliko hili kwa mzazi mmoja tu wana kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kwamba ndiyo sababu halikupotea kwenye maeneo yenye malaria.

Wazazi huniuliza kama kuna chakula cha kuirekebisha hemoglobini hiyo, na mitaani wapo wanaouza unga na majani kwa ahadi hiyo. Mkemia anaweza kulijibu bila kusita. Protini yoyote mtoto atakayokula, iwe ya maharage, dagaa au maziwa, hukatwa vifungo vyake kabla haijafika kwenye damu. Kinachoingia ni asidi amino mojamoja na vipande vifupi vya mbili tatu, ambavyo karibu vyote humaliziwa kukatwa ndani ya seli za utumbo. Valini na asidi ya glutamiki zote mbili zimo kwenye sahani ya maharage, na zote mbili zimo kwenye damu ya mtoto tayari. Hazikosekani. Ni jeni za mtoto, zinazosomwa ndani ya uboho wa mifupa, ndizo zinazosema nafasi ya sita iwekwe ipi, na chakula hakina njia ya kubadilisha maagizo hayo. Mtoto huyo anahitaji kliniki, asidi foliki, kinga dhidi ya malaria na maambukizi, na pale daktari anapoona inafaa, dawa ya haidroksiyurea. Dawa hiyo haiigusi valini. Inauchochea mwili utengeneze tena hemoglobini aliyokuwa nayo mtoto tumboni mwa mama, ambayo haina mnyororo wa beta kabisa, na ambayo huingia kati ya zile nyingine na kuzuia nyuzi zisijengeke.